Mume Hafuti Viza: Mke aliyeletwa Zanzibar "likizo" akaachwa, na haki yake ya kurudi Uingereza

(Maandishi ya hotuba kwa wazazi, masheha na wasaidizi wa sheria, Mjini Unguja)

Assalamu alaikum. Masheha wetu, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, tunashukuru kwa kuja.

Tutazungumza juu ya jambo moja. Binti ameolewa na mwanamume anayeishi Uingereza. Akapata viza, akaenda, akakaa mwaka au miaka miwili. Siku moja mume akamwambia twende nyumbani tukawaone wazee. Wakashuka uwanja wa ndege wa Kisauni kwa mabegi na zawadi. Baada ya wiki mbili mume akarudi Uingereza peke yake, pasipoti ya mke ikiwa mkobani mwake, na mke akaambiwa asubiri tiketi. Tiketi haikuja. Kilichokuja ni ujumbe wa simu: nimekuacha, na viza yako nimeshaifuta.

Wako wanaume waliofanyiwa hivi na wake zao, na kanuni zinawahusu pia. Tutasema "mke" kwa sababu ndiye anayekuja mara nyingi kuomba msaada. Na sheria tutakazozitaja ni za Uingereza. Aliyeko Denmark, Kanada au Omani ana sheria za huko, na kosa la kwanza ni kumpa ushauri wa nchi nyingine.

Tuanze na ule ujumbe, maana ndani yake mna maneno mawili na moja si la kweli. Mume hana uwezo wa kufuta viza ya mtu. Anachoweza ni kuiandikia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kwamba ndoa imekwisha. Baada ya hapo anayeamua ni afisa wa wizara. Mke akiwa ndani ya Uingereza, kwa kawaida muda wake hukatwa na kubakishwa siku 60. Akiwa nje, ruhusa yake inaweza kufutwa moja kwa moja. Lakini baina ya mume kusema na wizara kuamua pana muda, na wengi walioambiwa "imefutwa" walikuwa bado na viza hai siku hiyo. Tumboni mwa neno hilo mna vitisho zaidi kuliko khabari.

Na hata ikifutwa kweli, mlango haujafungwa. Zamani ulikuwa umefungwa. Mke aliyepigwa akiwa ndani ya Uingereza aliweza kuomba ukaazi wa kudumu, ila yule aliyepelekwa nje kwa hila akaachwa huko hakuwa na njia, kwa sababu tu ya mahali aliposimama. Oktoba 2022 Mahakama Kuu ya Uingereza iliona kuwatofautisha hivyo ni ubaguzi. Kuanzia tarehe 31 Januari 2024 kanuni za uhamiaji za nchi hiyo zina sehemu maalumu ya waathirika wa udhalilishaji wa majumbani, na ndani yake mna njia ya kuomba ukaazi wa kudumu kutokea nje ya nchi kwa aliyetelekezwa. Kwa hivyo mke aliyekaa Mtoni au Wete leo anaweza kuomba akiwa hapa hapa.

Nani anaingia katika njia hiyo? Hapa tunaomba tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopeana matumaini yasiyo yao. Kanuni inatazama mambo mawili. La kwanza ni aina ya ruhusa ya mwisho aliyopewa. Iwe ni ruhusa ya mke au mwenza wa raia wa Uingereza, au wa mtu mwenye ukaazi wa kudumu kule, au wa mkimbizi. Wako na wengine wachache, kama wenza wa wanajeshi. Aliyekwenda kwa viza ya uchumba na bado hajabadilishiwa haingii. La pili ni sababu ya ndoa kuvunjika: iwe imevunjika moja kwa moja, na iwe imevunjika kwa udhalilishaji.

Neno "kwa" katika "kwa udhalilishaji" ndilo linalobeba mzigo wote. Watu wawili wakishindwana, wakaachana kwa wema, mke akarudishwa kwao kwa heshima, hiyo ni talaka na haimpi njia hii hata kama imemuumiza moyo. Mwenye talaka ya namna hiyo hutafuta njia nyingine, kwa mfano ya mzazi ikiwa ana mtoto raia wa Uingereza anayeishi kule, au viza yake mwenyewe ya kazi. Tunalisema wazi kwa sababu wapo wanaoshauriwa waongeze chumvi. Maelezo ya kubuni yakigunduliwa yanaharibu ombi hilo na mengine yote ya mbele yake.

Lakini udhalilishaji nao si ngumi tu. Sheria ya Uingereza ya 2021 inahesabu kumtawala mtu na kumtia khofu, kumnyima fedha au kuchukua mshahara wake, kumtukana na kumdhalilisha kila siku, kumlazimisha kitandani, kumtisha. Mkwe au wifi akiwa ndiye anayemtesa na ndoa ikavunjika kwa hilo, nalo linahesabika. Na kumleta mke nje ya nchi, kumnyang'anya pasipoti na kumwacha asirudi, lenyewe ni udhalilishaji, pamoja na yaliyotangulia. Ndiyo maana mke asiwe mwepesi wa kusema "mimi hakunipiga". Muulizeni nani alikuwa anashika simu yake, nani alikuwa na kadi ya benki, na kama aliweza kutoka nyumbani bila kuomba.

Wenzetu waliokwenda wakiwa wenza wa wanafunzi au wa wafanyakazi wenye viza ya kazi hawamo katika njia hii ya ukaazi wa kudumu. Tangu 2024 wao, wakiwa ndani ya Uingereza, wameruhusiwa kuomba msamaha wa muda wa miezi 3 unaompa mwathirika ruhusa ya kufanya kazi na kupata msaada wa serikali. Hakuna ada. Ila una mtego: ukishaupokea, ule muda wako wa zamani unafutwa, na miezi 3 ikiisha unahitaji njia yako nyingine au uondoke. Mwenye viza ya mwenza wa raia haoni tabu hapo, kwa sababu ndani ya miezi hiyo anapeleka fomu ya SET(DV) ya ukaazi wa kudumu. Mwenza wa mwanafunzi anaweza kuwa amebadilisha miaka miwili iliyobaki kwa miezi 3. Basi asijaze fomu ya msamaha huo kabla ya kuonana na wakili.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni mfano tulioutunga, msimtafute mtu. Mke ana viza ya mwenza iliyoanza Machi 2024, ya miezi 33 kama zinavyotolewa viza hizo, kwa hivyo inakwisha Disemba 2026. Akaletwa Unguja Julai 2025. Mume akaondoka na pasipoti. Septemba ikaja talaka kwa WhatsApp. Yuko kwa mama yake, hana karatasi hata moja, maana maombi yote ya viza alijaza mume.

Jambo la kwanza ni kujua kama viza iko hai. Zile kadi za ukaazi za plastiki zilikoma mwisho wa 2024, na sasa hadhi ya mtu imo katika akaunti ya mtandaoni inayoitwa eVisa. Unaingia www.gov.uk/view-prove-immigration-status kwa namba ya pasipoti au ya ile kadi ya zamani na tarehe ya kuzaliwa, kisha mfumo unatuma namba ya siri kwa simu au barua pepe iliyosajiliwa. Hapo ndipo wengi wanakwama. Akaunti ilifunguliwa na mume kwa barua pepe ya mume. Namba ya siri inakwenda kwake, na barua ya wizara ya kufuta viza pia inakwenda kwake, ndipo ikawa mke anasimuliwa hadhi yake na mtu anayemtisha kwayo. Ukurasa wa kuingilia una njia ya anayesema hawezi tena kuifikia simu au barua pepe iliyosajiliwa. Aifuate, athibitishe yeye ni nani, aweke barua pepe yake mwenyewe yenye neno la siri jipya ambalo mume hajawahi kuliona. Asitumie barua pepe ya zamani waliyokuwa wakiingia wote wawili.

Wakati huo huo aiandikie wizara ombi la kupewa taarifa zake binafsi. Ni haki yake kisheria, halilipiwi, na kwa kawaida hujibiwa ndani ya mwezi mmoja. Kwa ombi hilo atapata nakala za maombi ya viza yaliyojazwa kwa jina lake. Kwa haki hiyo hiyo anaweza kuomba kumbukumbu zake kwa daktari wa mtaani kule alikotibiwa, na kwa polisi wa Uingereza kama waliwahi kuitwa nyumbani. Haya yote yanafanyika kwa barua pepe akiwa kwa mama yake.

La pili ni pasipoti, na hapa tunawaomba masheha na ndugu zetu wa polisi watutegee sikio. Mke anakwenda kituoni kutaka ripoti ili apate pasipoti mpya. Pale mezani anaambiwa, kwa nia njema kabisa, "andika imepotea, itakuwa rahisi." Anaandika imepotea. Miezi minne baadaye anaiambia wizara ya Uingereza kwamba mume alimnyang'anya pasipoti. Afisa anaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu: moja inasema imechukuliwa, nyingine, yenye muhuri wa polisi na saini yake mwenyewe, inasema imepotea. Ombi limeanza kuyumba kwa neno moja. Ripoti iandikwe kama ilivyokuwa: pasipoti ilichukuliwa na mume, tarehe fulani, alipoondoka nchini. Na aombe ripoti hiyo katika Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta ya vitu vilivyopotea, ili pawe na jalada la udhalilishaji lenye namba. Kama ana majeraha ya karibuni apewe PF3 na aende Kituo cha Mkono kwa Mkono, Mnazi Mmoja au kilichopo karibu naye, ili daktari aandike alichokiona.

Pasipoti mpya ikitoka Uhamiaji, aiunganishe na akaunti ya eVisa kupitia www.gov.uk/update-uk-visas-immigration-account-details. Asipofanya hivyo, shirika la ndege likiangalia namba mpya halitaiona ruhusa yake, na atarudishwa kaunta ya uwanja wa ndege akiwa na viza iliyo hai.

Tuseme ameingia kwenye akaunti na viza ipo, inasoma hadi Disemba 2026. Je, apande ndege? Kisheria ruhusa ya aina hii haifi kwa sababu tu mtu ametoka nchini. Lakini ni ruhusa ya kuishi na mume, na ndoa imekwisha. Afisa wa mpakani akiona hali imebadilika ana uwezo wa kuifuta pale pale. Basi asikate tiketi kabla wakili wa Uingereza hajalitazama jambo lake, na akisafiri asiseme uongo kwamba anakwenda kwa mume. Akishaingia salama anaomba ule msamaha wa miezi 3, kisha SET(DV). Mara nyingi hii ndiyo njia ya haraka, kwa sharti kwamba ana pa kulala siku ya kwanza ambapo mume hapajui.

Na tuseme viza imefutwa. Anaomba akiwa Zanzibar, mtandaoni, ombi la ukaazi wa kudumu la mwathirika aliye nje ya nchi, kisha anakwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole na picha katika kituo cha maombi ya viza. Kufutwa kwa viza hakumzuii, kwa sababu kanuni inauliza ruhusa ya mwisho aliyopewa ilikuwa ya aina gani. Hatakiwi mtihani wa Kiingereza wala mtihani wa maisha ya Uingereza, na hatakiwi kuonesha kipato wala kudhaminiwa na mume. Ada ya ukaazi wa kudumu ni kubwa, inapita pauni 3,000, na aliye ndani ya Uingereza asiye na uwezo husamehewa. Kwa aliye nje, suala la msamaha liwe swali la kwanza kwa wakili, na mtu asikimbilie kuuza kiwanja cha mama kabla ya kupata jibu.

Sasa ushahidi. Hakuna karatasi moja ya lazima. Afisa anapima kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ilikuwa hivyo kuliko kwamba haikuwa. Hukumu ya mahakama au amri ya kumkataza mume kumkaribia vina uzito kuliko vyote. Baada yake rekodi za polisi, hospitali, ustawi wa jamii na asasi zinazosaidia waathirika. Barua ya rafiki ina uzito mdogo. Lakini mke wa mfano wetu ana kitu ambacho wengi wanakipoteza bila kujua, nacho ni simu.

Anataka kuvunja kadi ya simu ili asisumbuliwe. Asivunje. Ndani ya WhatsApp afungue mazungumzo na mume, aguse menyu, achague Export chat, ajitumie faili lote kwa barua pepe yake mpya. Picha za skrini zioneshe namba ya simu na tarehe, kwa sababu jina "Baba Watoto" juu ya ujumbe halithibitishi kitu. Sauti alizotumiwa ziandikwe neno kwa neno. Ujumbe wa "nimeshaifuta viza yako, kaa huko huko", ambao yeye anataka kuufuta kwa uchungu, ndio unaothibitisha kwamba aliachwa, hakujiachia. Na kila kilicho cha Kiswahili kiambatane na tafsiri ya Kiingereza ambamo mfasiri ameandika kwamba ni sahihi, akaweka jina, saini, tarehe na mawasiliano yake. Bila maneno hayo tafsiri inaweza kuwekwa kando.

Kuna karatasi ya tiketi pia. Kama walikuja na tiketi za kwenda na kurudi, aiombe ofisi iliyoikata tiketi yake, au shirika la ndege, imwandikie kwamba tarehe ya kurudi ilikuwepo na nani aliiomba ibadilishwe. Mke aliyekuwa na tiketi ya kurudi Agosti 2 hakuja kuhamia Unguja. Na vitu alivyoviacha kule navyo vinasema: kazi aliyoombea likizo, nguo za baridi, skuli ya mtoto inayofunguliwa Septemba.

Barua ya sheha tunaiheshimu, ila tumeona zinazoharibu kesi. Barua inasema "namfahamu, ni mtu mwema, mumewe alikuwa akimtesa London." Sheha hakuwepo London, na afisa atauliza amejuaje. Sheha aandike alichokiona kwa macho yake: kwamba mke huyu alifika katika shehia tarehe fulani, anaishi nyumba fulani kwa mama yake, mume aliondoka tarehe fulani, na kama alimpigia mume simu kuhusu pasipoti, mume alijibu nini. Kwa uzito, barua fupi ya namna hiyo inaishinda sifa za ukurasa mzima.

Tufike kwa kadhi, kwa sababu hapo pana mambo mawili ambayo huko Uingereza hawayajui na hapa hatuyaangalii. Mume akiwa amekaa London au Leicester akatamka talaka kwa simu, mke kwa dini yake atauliza kadhi hukumu ya talaka hiyo na eda yake. Lakini kwa sheria ya Uingereza talaka iliyotolewa ndani ya nchi ile nje ya mahakama haivunji ndoa. Kwa karatasi za kule bado ni mume na mke. Hilo lisimtie wasiwasi, kwa sababu kanuni ya ukaazi haidai talaka, inadai uhusiano uwe umevunjika kabisa. Hana haja ya kungoja karatasi ya mahakama ndipo aombe.

La pili ni khuluu. Mume amemwacha akining'inia, hatoi talaka, na familia inachoka. Wanasema basi turudishe mahari, ajikomboe, yaishe. Karatasi inaandikwa kwamba mke ameomba khuluu kwa kuwa hamtaki mume. Kwa kadhi suala limekwisha vizuri. Kwa afisa wa Uingereza karatasi hiyo inasema mke ndiye aliyeichoka ndoa, na udhalilishaji umetoweka ndani yake. Kama kuna madhara, ayaeleze madhara mbele ya kadhi na aombe ndoa ivunjwe kwa sababu hiyo, ili mwenendo na hukumu viyataje: kupigwa, kutohudumiwa, kutelekezwa, kunyang'anywa pasipoti. Na kama familia imeamua khuluu kwa sababu zake, basi angalau sababu iliyompelekea aombe iandikwe. Asasi kama ZAFELA na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wanajua kuandaa madai hayo. Aende kwao kabla ya kusimama mbele ya kadhi.

Vikao vya suluhu navyo. Sisi ni watu wa suluhu na hatuwaambii wazee waache. Ila kikao kikikaa, mtu mmoja aandike waliokuwepo, tarehe, na alichokiri mume. Mume anayesema mbele ya wajomba wawili "ndiyo, pasipoti ninayo, na simpi" ametoa ushahidi. Na mke asiandikishwe karatasi ya kwamba amesamehe na wamerudiana ikiwa hawakurudiana. Karatasi hiyo ya kutuliza baraza itakuja kusomwa kwamba uhusiano haukuvunjika.

Kuhusu wakili: Uingereza ni kosa la jinai mtu asiyeruhusiwa kutoa ushauri wa uhamiaji kwa biashara. Anayetoa lazima awe wakili wa kule au awe amesajiliwa na mamlaka inayoitwa Immigration Advice Authority. Majina yao yako katika orodha ya wazi, na kabla ya kutuma fedha mtafuteni humo huyo "mtaalamu" mliyeletewa na jamaa wa jamaa. Southall Black Sisters, asasi ya London, imefanya kazi na wanawake waliotelekezwa nje kwa miaka mingi na inaijua njia hii kwa ndani. Kwa aliye bado Uingereza na anaogopa usiku wa leo, namba ya bure ya saa 24 ni 0808 2000 247, na anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Watoto waliozuiwa Uingereza na baba yao ni jambo la mahakama ya familia ya kule, na mama anaweza kulifungua kupitia wakili akiwa bado hapa. Asingoje viza. Kila mwezi unaopita mtoto akiwa kwa baba, mahakama inazidi kuona huko ndiko alikozoea. Kama watoto wako naye Zanzibar na hawana uraia wa Uingereza wala ukaazi, waingizwe katika ombi lake tangu mwanzo. Kama baba alikuwa raia walipozaliwa, kwanza iulizwe kama wao wenyewe tayari ni raia, maana hapo wanahitaji pasipoti, hawahitaji viza.

Mtauliza na dalili, kwa sababu walio na mabinti kule wangependa kulizuia kabla halijatokea. Mume anayesema tiketi yako nimekata ya kuja tu, ya kurudi tutaiona huko. Anayetaka azishike yeye pasipoti zote "zisipotee." Anayemwambia aache kazi kwa safari ya wiki tatu. Anayekusanya vyeti na dhahabu zake kabla ya safari. Mama akisikia mawili ya haya kwenye simu, amwambie mtoto wake apige picha pasipoti, kadi ya zamani ya ukaazi na barua ya viza, azitume nyumbani leo, na afungue barua pepe ambayo mume haijui. Kazi hiyo haifiki robo saa. Mke wa mfano wetu, lau angalikuwa na picha hizo, asingalipoteza mwezi mzima akitafuta namba ya pasipoti yake mwenyewe.

Ombi likikataliwa, barua ya kukataa inaeleza namna ya kupinga na siku alizonazo. Siku hizo ni chache na zinahesabiwa, kwa hivyo barua ipigwe picha na itumwe kwa wakili siku ile ile ilipofika.

Likikubaliwa, anapewa ukaazi wa kudumu kwa jina lake. Mume hatajwi tena popote. Anaweza kufanya kazi, kuomba nyumba na msaada wa serikali, na kuolewa au kutoolewa bila kuathiri hadhi yake. Kitu kimoja kinaweza kuuondoa: mwenye ukaazi wa kudumu akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, unapotea. Wapo wanaopata karatasi, wakasema ngoja niuguze mama kwanza, ngoja Ramadhani ipite. Aliyepewa aandike ukutani tarehe ya mwisho ya kuingia iliyomo katika viza yake, apange safari kabla ya hapo, na kuanzia siku atakayotoka tena Uingereza aanze kuhesabu.